Vichwa vya jedwali vinakimbia ukishuka chini kwenye Excel: jinsi ya kuvikamata vikae

Swali hili hunifikia kila mwisho wa mwezi, wakati watu wanafunga hesabu za vikundi: "Nimebonyeza Freeze, mbona vichwa bado vinapanda na kupotea?" Mwingine anasema kichwa kimebaki nusu. Mwingine ametoa na kurudisha mara tano, na kila mara mstari wa kugandisha unajipachika palepale pasipotakiwa. Wote wamebonyeza kitufe sahihi. Kinachowaharibia ni mojawapo ya mambo mawili: shiti ilikuwa imegawanywa kwa Split kabla ya kugandishwa, au vichwa vyenyewe vimeundwa kwa visanduku vilivyounganishwa. Mara nyingi yote mawili yamo ndani ya faili moja.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, ili usihangaike kukisia. Ni daftari la kikoba lenye wanachama 64. Mstari wa 1 una jina la kikundi, lililounganishwa kuanzia A1 hadi AL1. Mstari wa 2 una mwaka, na wa 3 ni mtupu. Mstari wa 4 una majina ya miezi, kila mwezi umeunganishwa juu ya safu tatu: Januari iko C4 hadi E4, Februari F4 hadi H4, na kuendelea hadi Desemba inayoishia AL4. Mstari wa 5 una vichwa vidogo chini ya kila mwezi: Hisa, Jamii, Marejesho. "Na." imeunganishwa A4 na A5, na "Jina" imeunganishwa B4 na B5. Mwanachama wa kwanza yuko mstari wa 6, wa mwisho mstari wa 69.

Tunachotaka ni hiki: ukishuka hadi mwanachama wa 64, mistari yote mitano ya juu ionekane, na ukienda kulia hadi Desemba, namba na jina la mwanachama vibaki kushoto.

Katika maelezo haya, mstari ni ule uliolala, wenye namba pembeni. Safu ni ile iliyosimama, yenye herufi juu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Uwe na Excel ya kompyuta. Menyu ninazotaja ni za Windows. Uwe na nakala ya faili lako, maana tutaachanisha visanduku. Hifadhi nakala hiyo kwa jina jingine kabisa. Na uwe unajua mambo mawili kuhusu jedwali lako: mtu wa kwanza au kitu cha kwanza kinaanza mstari wa ngapi, na safu ya kwanza inayotakiwa kusogea ni ipi. Kwenye kikoba chetu ni mstari wa 6 na safu C. Makutano yake ni C6, na kisanduku hicho ndicho tutakachokitumia.

Kanuni ni moja tu, nayo inatosha. Excel hugandisha kila kilicho *juu* na kila kilicho *kushoto* mwa kisanduku ulichosimama. Kisanduku chenyewe na mstari wake hubaki huru. Kwa hiyo anayebofya kichwa chenyewe kisha akabonyeza Freeze Panes amekiacha kichwa nje.

Kwanza, tambua una tatizo gani

Tazama mistari inayokata shiti yako. Kugandisha huacha mstari mwembamba sana, kama uzi, usioshikika kwa kipanya. Split huacha ufito mnene wa kijivu. Ukipeleka kipanya juu yake mshale hubadilika, na unaweza kuuburuta. Dalili nyingine ya Split ni kuona vitu mara mbili: mwanachama wa 10 yuko juu, na ukisogeza kidogo yuko tena chini, kwa sababu kila kipande cha shiti kinajisogeza chenyewe. Kwa upande wa kulia utaona pia vitelezeo viwili vya kusogezea, kimoja juu ya kingine.

Kisha bonyeza Ctrl+Home, hiki ni kipimo ninachokipenda. Shiti iliyogandishwa vizuri haikupeleki A1. Inakupeleka kwenye kisanduku cha kwanza kilicho huru. Kwa kikoba chetu, kisanduku cha jina kilicho kushoto kwa mstari wa fomula kinapaswa kusoma C6. Kikisoma A5, umegandisha mistari minne tu na hakuna safu iliyoshikwa. Kikisoma B2, umeshika mstari mmoja na safu moja. Jibu hilo linakuambia mpaka umekaa wapi hasa, hata kama macho hayauoni.

Hatua za kuondoa Split na kugandisha upya

1. Fungua kichupo cha `View`. Bofya `Freeze Panes`. Ukiona `Unfreeze Panes` juu ya orodha, ibonyeze. Ukiona `Freeze Panes`, usibonyeze kitu bado, funga orodha.

2. Tazama shiti tena. Je, ufito mnene wa kijivu umejitokeza? Hapa ndipo wengi hunaswa, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Ukigandisha shiti ambayo tayari ina Split, Excel haisikilizi kisanduku ulichosimama. Inagandisha palepale ufito ulipo. Na inakumbuka kwamba ufito ulikuwepo: ukibonyeza `Unfreeze Panes`, Split inarudi mahali pake. Basi mtu anaondoa, anasimama vizuri kwenye C6, anabonyeza tena, na mpaka unarudi kule kule kwa zamani. Anaweza kurudia hivyo siku nzima. Kuondoa ugandishaji peke yake hakutoshi.

3. Ikiwa ufito upo, bonyeza kitufe cha `Split` kwenye kichupo hichohicho cha `View`. Unaweza pia kuubofya ufito wenyewe mara mbili haraka. Hakikisha umepotea kabisa, wa kulala na wa kusimama. Ukibofya mara mbili ufito mmoja, mwingine unaweza kubaki.

4. Bonyeza Ctrl+Home. Sasa, kwa kuwa hakuna kilichogandishwa, utapelekwa A1 na mstari wa 1 utaonekana juu kabisa. Usiruke hatua hii. Excel hugandisha kuanzia mstari unaoonekana juu ya skrini. Kama shiti ilikuwa imesogea na mstari wa 4 ndio uko juu, mistari ya 1 hadi 3 itafichwa na hutaweza kuifikia kwa kusogeza.

5. Bofya kisanduku cha jina, andika `C6`, bonyeza Enter. Ninashauri uandike badala ya kubofya kwa kipanya, hasa kwenye shiti yenye visanduku vilivyounganishwa, kwa sababu nitakazoeleza chini.

6. `View`, `Freeze Panes`, kisha chaguo la kwanza, `Freeze Panes`. Usichague `Freeze Top Row`. Hilo hushika mstari mmoja tu wa juu, na kwenye kikoba chetu huo ni jina la kikundi. Miezi na Hisa vitaondoka.

7. Pima. Shuka hadi mstari wa 69, kisha nenda kulia hadi AL. Rudi kwa Ctrl+Home na usome kisanduku cha jina. Kikisoma C6, kazi ya sehemu hii imeisha.

Wanaotumia kibodi: Alt, kisha W, F, F, moja baada ya nyingine, hugandisha na huondoa. Alt, W, S ndiyo ya Split. Ona jinsi zilivyokaribiana. Nina hakika wengi wenye Split wasiyoijua waliipata kwa kidole kilichoteleza kutoka F kwenda S.

Hatua za kushughulikia vichwa vilivyounganishwa

Sasa mpaka umekaa sawa, lakini bado kuna kero. Nenda kulia polepole ukitazama mstari wa 4. Neno "Machi" limeandikwa katikati ya I4, J4 na K4. Safu I inapoingia chini ya mpaka, herufi za mwanzo zinaanza kumezwa. Ikiingia na J, limebaki neno "Marejesho" kwenye safu K likiwa halina mwezi juu yake. Mweka hazina mmoja niliyemsaidia aliingiza marejesho ya watu saba kwenye mwezi usio wao kwa sababu hiyo hasa. Alikuwa makini, skrini haikumwonyesha mwezi.

Kuunganisha kunavuruga hata kuchagua mahali pa kugandisha. Ukisimama A4 iliyounganishwa na A5 kisha ukabonyeza Shift+Nafasi ili kuchagua mstari, Excel huchagua mstari wa 4 na wa 5 pamoja. Kisanduku hai ni A4, kwa hiyo ukigandisha hapo, mpaka unakaa juu ya mstari wa 4 na vichwa vyote viwili vinakimbia. Kadhalika, Ctrl+Nafasi ukiwa kwenye jina la kikundi huchagua safu zote kuanzia A hadi AL. Na anayebofya namba 5 pembeni ya shiti kisha akagandisha, anakata "Na." na "Jina" katikati: nusu ya juu inabaki, nusu ya chini inaondoka. Hicho ndicho kile "kichwa kilichobaki nusu".

Dawa ni kuvunja muunganisho kwenye vichwa. Fanya hivi:

1. Ondoa ugandishaji kama ulivyofanya juu, ili uone shiti nzima.

2. Buruta kipanya kwenye namba za pembeni kuanzia 1 hadi 5, mistari yote mitano ichaguliwe.

3. `Home`, kisha mshale mdogo ulio kando ya `Merge & Center`, kisha `Unmerge Cells`. Maandishi hayapotei, yanabaki kwenye kisanduku cha juu kushoto cha kila kundi. "Januari" itakuwa C4, huku D4 na E4 vikiwa vitupu.

4. Jina la kikundi sasa liko A1 pekee, lakini bado limepangwa katikati. Safu A ni nyembamba, kwa hiyo mwanzo wa jina utakatwa. Simama A1 na ubonyeze `Align Left`. Maandishi yatatiririka kulia juu ya visanduku vitupu.

5. Chagua A4 na B4, bonyeza Ctrl+X, simama A5, bonyeza Enter. "Na." na "Jina" zimeshuka kwenye mstari mmoja na Hisa, Jamii, Marejesho. Hii itakufaa pia siku ukitaka kuchuja, kwa sababu mstari wa 5 wote sasa ni vichwa kamili.

6. Sasa jaza miezi. Chagua C4 hadi AL4. Bonyeza Ctrl+G, kisha `Special`, chagua `Blanks`, kisha `OK`. Visanduku vitupu pekee vimechaguliwa, na kilicho hai ni D4. Bila kubofya popote, andika fomula hii:

```
=C4
```

Kisha bonyeza Ctrl+Enter, usibonyeze Enter peke yake. Kila kisanduku kitachukua jina la jirani yake wa kushoto: D4 na E4 zitasoma Januari, G4 na H4 zitasoma Februari, hadi mwisho.

7. Chagua tena C4 hadi AL4, Ctrl+C, halafu Ctrl+Alt+V, bonyeza V, kisha Enter. Fomula zimegeuka maandishi ya kawaida, hazitavurugika ukihamisha safu.

8. Ctrl+Home, andika `C6` kwenye kisanduku cha jina, Enter, kisha `Freeze Panes`.

Sogea kulia tena. Kila safu inabeba mwezi wake. Mtu akifungua safu K peke yake anasoma "Machi" juu na "Marejesho" chini yake.

Wapo watakaolalamika kwamba "Januari, Januari, Januari" haipendezi. Naelewa, na kwa karatasi ya kubandika ukutani ningeunganisha mimi mwenyewe. Ila kwa daftari la kuingizia fedha, ningechagua lisomeke. Unaweza kufupisha kuwa Jan, Feb, Mac, na kupaka rangi tofauti kila safu tatu ili macho yaone makundi.

Kama unataka tu jina la kikundi likae katikati bila kuunganisha, ipo njia: chagua visanduku vya mstari huo, bonyeza Ctrl+1, nenda `Alignment`, na kwenye `Horizontal` chagua `Center Across Selection`. Huonekana kama umeunganisha, lakini kila kisanduku kinabaki peke yake. Hufanya kazi kwa ulalo tu. Kwa visanduku vilivyopangana juu na chini haipo. Usiitumie kwenye A1 hadi AL1 nzima, kwani katikati ya safu 38 ni mbali na hutaliona jina ukifungua shiti. Chagua eneo linaloonekana kwenye skrini moja.

Ukishindwa kuona kilichounganishwa kiko wapi

Faili ulilorithi kwa mtu mwingine linaweza kuwa na muunganisho hata katikati ya data. Bonyeza Ctrl+F, `Options`, `Format`, kichupo cha `Alignment`, weka alama ya tiki moja kwa moja kwenye `Merge cells`, `OK`, kisha `Find All`. Orodha itakutajia kila kisanduku. Ukimaliza, rudi kwenye mshale wa `Format` na uchague `Clear Find Format`, la sivyo utafutaji wako ujao hautapata kitu.

Bado inasumbua?

*Freeze Panes imefifia, haibonyezeki.* Angalia kama kishale kinawakawaka ndani ya kisanduku. Upo katikati ya kuandika, bonyeza Esc. Kama sivyo, angalia mwonekano. Kwenye `Page Layout` kugandisha hakukubaliki. Rudi `View`, `Normal`.

*Skrini haisogei kabisa.* Umegandisha eneo kubwa kuliko skrini yako. Hutokea zaidi kwenye laptopu ndogo, au kwa faili lililogandishwa kwenye skrini kubwa ya ofisini. Punguza ukuzaji kwa Ctrl na gurudumu la kipanya, kisha ondoa na ugandishe mistari michache zaidi.

*Shiti imekatwa vipande vinne katikati.* Ulikuwa umesimama A1. Hapo hakuna cha juu wala cha kushoto, hivyo Excel hujikatia katikati ya skrini. Ondoa, rudia kuanzia hatua ya kwanza.

*Mistari ya juu imetoweka, inaanzia 4.* Uligandisha shiti ikiwa imesogea. Ondoa, Ctrl+Home, gandisha tena.

*Nilihifadhi, nikafungua, imeondoka.* Angalia kama faili ni la CSV. Aina hiyo hubeba data tu. Hifadhi kama `.xlsx`. Kama siyo hilo, huenda ulitumia `New Window`. Ugandishaji hukaa kwenye dirisha moja moja, kwa hiyo ukifunga lile lenye vichwa na kuhifadhi lile lisilo navyo, umeupoteza.

*Kwenye Google Sheets inakataa kugandisha safu.* Huko hairuhusiwi mpaka upite katikati ya kisanduku kilichounganishwa. Jina la kikundi la A1 hadi AL1 linatosha kuzuia safu B isigandishwe, liachanishe kwanza. Kisha kumbuka kwamba kanuni ya huko ni tofauti: unasimama kwenye mstari wa *mwisho* unaotaka ubaki. Kwa kikoba chetu ni wa 5, kisha `View`, `Freeze`, `Up to row 5`.

*Nikichapisha, vichwa viko ukurasa wa kwanza tu.* Kugandisha ni kwa skrini pekee. Kwa karatasi, nenda `Page Layout`, `Print Titles`, na kwenye `Rows to repeat at top` andika:

```
$4:$5
```

Kwa sehemu ya `Columns to repeat at left` andika `$A:$B`, ili kurasa za Julai hadi Desemba zitoke zikiwa na majina ya wanachama.